Aya Niliyoifuta Kwenye Barua ya Tarime

Nianze na kosa lenyewe, maana nikitanguliza maelezo nitajikuta najitetea, na utetezi sina. Nilifuta aya moja kwenye barua pepe. Mistari mitatu tu. Hakuna aliyenishikia panga, hakuna aliyenipa bahasha, wala hakuna bosi aliyesimama nyuma ya kiti changu akiniamrisha. Nilikuwa peke yangu mezani, nyumba ya kupanga pale Turwa, Tarime mjini, saa nne asubuhi, chai ya maziwa pembeni, nikaiweka kivuli ile aya, nikabonyeza, ikapotea. Kisha nikanywa chai.

Wakati huo nilikuwa afisa mauzo wa kampuni ya mbegu za mahindi. Kwetu ni Njombe, kazi ndiyo iliyonileta Mara. Makao makuu yetu yalikuwa Arusha, na mimi nilikuwa mtu wao wa Tarime na Serengeti: nazunguka na pikipiki ya kampuni, nakagua maduka ya pembejeo, nafanya mashamba darasa, na kila Ijumaa natuma taarifa ambayo sikuwa na hakika kama kuna mtu anaisoma. Kikurya sikujua zaidi ya salamu. Wenyeji walinicheka wakanizoea, na mimi nikazoea kuitwa mura, yaani kijana, hata na watu niliowazidi umri.

Mugumu kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la pembejeo karibu na soko. Alikuwa muuguzi mstaafu. Serikali ilimpeleka Serengeti akiwa binti, akitokea Kigoma, akahudumia wodi ya wazazi miaka na miaka, na alipostaafu hakurudi kwao. Aliniambia nusu ya wakulima wanaomjia dukani aliwapokea yeye walipozaliwa, sasa atawaacha amuachie nani? Mafao yake aliyatia kwenye duka, akasomea, akapata cheti cha kuuza mbegu na leseni, akaanza. Mbegu zetu alikuwa akizifuata mwenyewe kwa basi, kwenye ghala letu la Musoma. Kabla yake Serengeti hatukuwa na jina. Watu walipanda mbegu za kampuni nyingine, au walipanda tu walichobakiza gunia la mwaka jana.

Nilimwita mama tangu siku ya kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekula?" Na kama sijala, nilikula. Ugali wa mtama, dagaa, mchicha wa bustani za Manchira, kule kandokando ya bwawa. Nilikula kwake mara nyingi kuliko nilivyopika kwangu, na haki ya Mungu sikuwahi kupeleka hata kilo ya sukari.

Huyu mama alikuwa na tabia ya wodini. Kila kitu aliandika. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, amelipigia mistari kwa rula kama rejista ya kliniki: tarehe, mnunuzi, kijiji, aina ya mbegu, pakiti ngapi, namba ya shehena iliyo kwenye pakiti, na mwisho kabisa safu ya maoni: "yameota vizuri", "panya", "amechelewa kupanda, si kosa la mbegu". Nimefanya kazi na wataalamu wenye shahada mbili, sijaona rekodi kama ile.

Siku moja nikamwambia, "Mama, kampuni inataka kuteua wasambazaji rasmi. Kwa rekodi hizi, Serengeti ni yako. Nipe daftari ninakili, niwaonyeshe Arusha."

Akanitazama juu ya miwani. "Serengeti yote?"

"Yote. Barua ya uteuzi utaipata wewe."

Alifunga duka mapema siku ile. Tulikaa mezani kwake, yeye ananisomea, mimi naingiza kwenye kompyuta, kijiji kimoja baada ya kingine: Kisangura, Manchira, Issenye, Nata. Mwaka uliopita peke yake aliuza tani nane, pakiti elfu nne za kilo mbili mbili, kwa mikono yake na bodaboda wawili. Na pale pale nikamfungulia anwani ya barua pepe kwenye simu yake, maana hakuwa nayo. Nikamfundisha kuifungua. Alicheka: "Nimezeeka mwanangu, leo ndiyo naingia mtandaoni."

Sikuwa namdanganya. Nataka ieleweke hivyo. Siku ile nilimaanisha kila neno, na labda hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia, kwa sababu niliahidi kitu ambacho si changu.

Arusha wakasema hapana. Bosi wangu, mkuu wa mauzo, alinipigia mwenyewe. Kampuni inataka msambazaji mmoja kwa wilaya zote mbili. Awe na ghala lisilovuja, awe na gari, alete dhamana ya benki, na oda isipungue tani kumi kwa mara moja. Mama wa Mugumu dhamana ya benki angeitoa wapi? Nyumba yake haikuwa na hati. Nilibisha kidogo. Bosi akasikiliza, akasema jambo la haki kabisa: "Basi huyo mama muweke kama mteja wa moja kwa moja. Aendelee kununua kwetu kwa bei yake ya sasa. Andika aya ndani ya barua ya msambazaji, mauzo yake yasiguswe. Ila nataka uteuzi umekamilika kabla ya mbegu za vuli kupakiwa."

Kwa hiyo njia ilikuwepo. Si kwamba haikuwepo.

Mtu mwenye ghala tulimpata Tarime mjini. Mfanyabiashara wa saruji na mabati, mwenye Fuso mbili, mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye ukimuuliza bei anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sikumpenda wala sikumchukia. Alikuwa na kila kitu kilichokuwa kwenye orodha ya Arusha, na alitaka barua iwe ya Kiswahili kwa sababu Kiingereza cha mikataba, alisema, kinamuumiza kichwa.

Nikakaa kuandika. Kazi hii niliijua, na barua ile, tuache unafiki, niliiandika vizuri. Kichwa: Uteuzi wa Msambazaji, Wilaya za Tarime na Serengeti. Aya ya kwanza ikataja eneo: Tarime mji na vijijini, pamoja na Serengeti yote, Rorya haimo, na hairuhusiwi kuvusha mbegu kupitia Sirari kwenda Kenya, maana kule usajili wa mbegu ni mwingine na pakiti zetu zingekuwa magendo. Ndani ya eneo hilo kampuni haitamuuzia mtu mwingine yeyote. Aya ya pili ikaeleza bei, ngazi tatu: bei ya msambazaji akichukua ghalani kwetu, bei ya wakala anayemuuzia yeye, na bei ya mkulima, ambayo ni moja kila mahali na inachapwa kwenye bango la duka. Oda ya kwanza inalipwa kabla ya kupakia, zinazofuata kwa siku thelathini chini ya dhamana. Aya ya tatu, malengo: tani arobaini kwa mwaka, vuli na masika, Tarime ishirini na nane, Serengeti kumi na mbili. Akishuka chini ya asilimia sabini kwenye wilaya yoyote, kampuni ina haki ya kuirudisha wilaya hiyo kwa notisi ya siku thelathini.

Aya ya nne ndiyo ile. "Duka moja la pembejeo lililopo Mugumu litaendelea kununua moja kwa moja kutoka kampuni. Mauzo yake hayatahesabiwa kwenye lengo la msambazaji, wala msambazaji hatayaingilia."

Aya ya tano ikawa ya taarifa: kila tarehe tano ya mwezi atume mzigo alioanza nao, uliopokelewa, uliouzwa na uliobaki, kwa kila aina, kwa kila kijiji, na namba za shehena, ili mbegu ikileta lalamiko ijulikane ilipita wapi. Mwisho: barua hii inaanza kazi akijibu kwa maandishi ndani ya siku saba kwamba ameisoma na amekubali, na mkataba wenye mihuri utafuata.

Kabla ya kutuma nilimsomea yule mfanyabiashara kwenye simu, ili asije kunishangaa. Alisikiliza kimya mpaka aya ya nne.

"Weee mura, simama hapo. Lengo la Serengeti ni tani kumi na mbili?"

"Ndiyo."

"Na kule anayeuza ni nani?"

Hakungoja nimjibu.

"Ni huyo mama. Sasa unampa yeye wateja, mimi unanipa lengo? Nikauze wapi, porini kwa nyumbu? Ondoa hiyo aya ama ondoa Serengeti. Na ukiondoa Serengeti, mimi sina haja hata na hiyo Tarime, sipaki Fuso kwa biashara nusunusu."

Alikuwa na hoja. Hata leo nikikaa nikapiga hesabu, alikuwa na hoja. Jibu sahihi lilikuwa kupunguza lengo, tani kumi na mbili ziwe nne, nimpigie bosi, nimweleze. Lakini lengo la msambazaji ndilo lengo langu. Tani zikipungua kwake, zinapungua kwangu, na mwaka ule nilikuwa nimeomba kuhamishiwa Iringa, karibu na nyumbani, na uhamisho ulikuwa unategemea hizo namba. Basi. Hiyo ndiyo siri nzima. Niliuza tani nane za mama wa watu ili nikale parachichi nyumbani.

Nikafuta. Aya ya tano ikawa ya nne, barua ikakaa sawasawa, hata pengo halikuonekana. Nikaambatisha jedwali la malengo kwa kila kijiji. La Tarime nililikadiria mwenyewe. La Serengeti sikukadiria kitu, nilichukua lile nililonakili kwenye daftari la mama, nikaongeza nusu kila mstari. Nakala kwa bosi, nakala kwa mhasibu. Bosi hakuuliza aya iko wapi. Nadhani alisoma tani arobaini akaishia hapo. Baada ya saa moja jibu likaingia kutoka Tarime: "Nimesoma na nimekubali. Ahsante sana." Nikapongezwa.

Kumwambia mama nikashindwa. Alikuwa ananipigia kila baada ya siku mbili tatu. "Mwanangu, nimefungua ile barua pepe yangu, bado haina kitu. Au nimebonyeza vibaya?"

"Hujakosea mama. Makao makuu bado wanaipitia."

"Haya. Usiwaharakishe, wasije wakakasirika."

Loo! Alikuwa ananihurumia mimi. Nilikata simu nikajiona mtu wa hovyo, na kesho yake akipiga nikamjibu vilevile. Nikawa nampiga danadana mama aliyenilisha. Nilijiambia nitaenda Mugumu wiki ijayo, nikamweleze uso kwa uso, mambo kama haya hayasemwi kwenye simu. Wiki ijayo ikaja ikapita. Nikapata mashamba darasa Sirari ambayo hayakuwa na haraka yoyote.

Katikati ya hapo mfanyabiashara wa Tarime akanipigia akifoka. "Mura, kwenye hili jedwali lako kuna kijiji kinaitwa Penye Mtandao. Lengo tani moja na nusu. Kiko kata gani? Nimeuliza mpaka ofisi ya mkurugenzi, hakuna anayekijua."

Penye Mtandao hakikuwa kijiji. Kilikuwa kichuguu fulani juu ya Manchira, mahali pekee upande ule ambapo simu hushika. Wakulima wa vitongoji vitatu walipanda pale kupiga simu kwa mama kuagiza mbegu, na yeye, kwa kuwa hakujua kila mmoja anatoka kitongoji gani, akawaandika wote "Penye Mtandao". Jina hilo halikuwepo popote duniani isipokuwa kwenye daftari lake. Nami nikalinakili, nikaliongezea nusu, nikalituma kwenye barua rasmi ya kampuni.

"Ni eneo tu la Manchira," nikamwambia. "Andika Manchira."

Sikujua kwamba dereva wake ameshaondoka na Fuso. Alikuwa mzee mmoja mtaratibu, ana jedwali limechapwa, amepewa kazi ya kupita vijiji vyote akitambulisha mbegu. Alipita Nyamongo, akafika Mugumu, akazunguka akitafuta Penye Mtandao, akachoka, akaona duka lenye bango la mbegu zetu. Akashuka, akaenda kumuuliza mwenye duka. Dereva mwenyewe alinisimulia baadaye, hana hili wala lile.

"Yule mama alivaa miwani akasoma karatasi yote, juu mpaka chini," aliniambia. "Akanielekeza vizuri kabisa. Akaniambia, ukifika bwawani panda mkono wa kushoto, utawakuta watu wamesimama na simu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Simu za mama zikakoma. Siku ya nne nikapanda pikipiki.

Nilimkuta anahudumia. Rafu ya mbegu zetu ilikuwa tupu, vuli iko mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, afisa. Kaa." Nikakaa kwenye kigoda cha wateja mpaka watu wakaisha.

"Nieleze bei," akasema.

"Mama, nilitaka kwanza..."

"Bei kwanza. Huko kwingine nimeshasoma."

Nikamweleza. Zamani alinunua kwa kampuni kwa bei inayokaribia ya msambazaji. Sasa angenunua Tarime kwa bei ya wakala, na nauli juu yake. Faida yake ingebaki chini ya nusu.

"Na mkulima wa Manchira? Atanunua kwa bei ileile?"

"Ileile. Ya mkulima haibadiliki."

"Basi anayepungukiwa ni mimi peke yangu." Akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Nilimpigia huyo bwana wa Tarime. Hata hiyo ya wakala hataki kunipa. Amesema nina wateja wengi mno, nitampanda kichwani."

Nilitaka kumwambia habari ya ile aya. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimeyasema maneno yote ndani ya helmeti. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Makao makuu ndio walioamua, mama. Mimi nilibisha sana."

Akatingisha kichwa polepole kama mtu anayesikiliza maelezo ya mgonjwa ambaye hasemi ukweli wa alichokula. Kisha akanipa maji ya kunywa.

Pale pale dukani kwake nikafungua kompyuta nikamwandikia mfanyabiashara wa Tarime, nakala kwa bosi, nikamkumbusha kwamba ngazi ya wakala iko kwenye barua aliyoikubali, na wakala mwenye cheti cha kuuza mbegu hanyimwi bila sababu ya maandishi. Nilipenda ukali wangu. Jioni akajibu kwamba hana neno, mradi pakiti za mama zihesabiwe kwenye lengo lake. Zikahesabiwa. Hiyo ndiyo fidia niliyompatia: haki ya kumfikishia mtu mwingine lengo.

Mwaka ukaenda. Kila tarehe tano, au tarehe kumi na mbili baada ya kukumbushwa mara tatu, taarifa iliingia kutoka Tarime. Tarime ilikwenda vizuri. Serengeti ikalala. Yule bwana aliuza mbegu kama saruji: anashusha mzigo, anaondoka. Akifika kijijini hakujua nani amepanda mapema, nani shamba lake linashika maji, nani anapewa mbegu ya muda mfupi. Mama naye alichukua pakiti chache tu, akaacha kupeleka bodaboda vijijini, maana faida ya nusu hailipi petroli. Wakulima wengi wakarudi kwenye mbegu za wale wengine. Mwaka ulipofunga, Serengeti ilikuwa na tani tano kati ya kumi na mbili. Chini ya asilimia sabini, mbali kabisa.

Nikaona mlango. Nilipambana safari hii, na najua nilipambana kwa sababu roho ilikuwa inanisuta. Nilimwandikia bosi kurasa mbili, nikambana na kifungu cha malengo, nikaomba Serengeti itolewe, apewe mama, oda ya kuanzia iwe tani mbili badala ya kumi, alipe kabla ya kupakia ili dhamana isihitajike. Bosi akalalamika, akazungushazungusha, mwishowe akakubali. Notisi ikaenda Tarime. Yule bwana wala hakukasirika. "Chukueni," alisema kwenye simu, "kule kuna mbung'o."

Nikamwandikia mama barua yake. Sijawahi kuandika kwa uangalifu namna ile. Eneo: Wilaya ya Serengeti yote, peke yake. Bei ya msambazaji. Lengo tani sita, ambalo nilijua atalipita akiwa amekaa. Taarifa kila tarehe tano, kwa kila kijiji, kama ilivyo kwa wote. Siku saba za kujibu. Nikatuma kwenye ile anwani niliyomfungulia mwenyewe, nikasubiri nikiwa na furaha ya kijinga, nikawaza hata maneno atakayosema.

Siku ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. Siku ya sita nikashindwa, nikampigia.

"Mama, uliiona barua?"

"Niliiona siku ileile. Nimeisoma mara nyingi. Umeandika vizuri sana."

"Basi jibu tu kwamba umekubali. Maneno mawili."

"Sitajibu."

Nikadhani ni mtandao, au hajui kubonyeza. Nikaanza kumweleza pa kubonyeza. Akanikatiza, si kwa hasira.

"Hapa kwenye taarifa. Kila mwezi nikupe vijiji, nikupe na nani anapanda nini. Nilishakupa mara moja."

"Nitaiondoa hiyo aya mama! Leo hii naiondoa!"

"Usiiondoe. Bosi wako atakuuliza, utajiharibia kazi." Nikasikia anamwambia mteja asubiri kidogo. "Sikiliza. Nitaendelea kununua kwa yule bwana wa Tarime, hizo hizo chache. Yule aliniambia wazi hanitaki, na bei yake naijua. Yule hakuwahi kukaa mezani kwangu akaniita mama."

Nilisema, "Nisamehe." Nililisema kweli, mara ya kwanza mwaka mzima. Akasema, "Nimekusikia." Kisha akamgeukia mteja wake, aliyetaka dawa ya viwavi.

Siku saba zikaisha. Serengeti ikarudi Tarime kwa lengo dogo, na barua ya kuirudisha niliiandika mimi. Kisha bosi akanitumia mstari mmoja. Baada ya kelele zote zile nilizompigia, alitaka sababu ya mama kukataa, aiweke kwenye faili, ili siku nyingine jina lake likija wajue.

Nilikaa na ile barua karibu saa nzima. Ningeweza kuandika kwamba kampuni ilichukua rekodi zake kwa ahadi ikampa mtu mwingine, na aliyefanya hivyo ni mimi, na kwamba mwaka uliopita kulikuwa na aya ya kumlinda nikaifuta. Barua ya uhamisho wa Iringa ilikuwa bado haijasainiwa.

Nikamjibu bosi: "Hana mtaji wa kutosha." Faili la mama linasema hivyo mpaka leo. Mimi niko Iringa.